Tangazo Ndilo Limtafute Mnunuzi

Kila mwaka, tangu katikati ya Novemba hadi shule zinapofunguliwa mwezi Januari, kurasa za Facebook na Instagram hufurika matangazo ya sare, mabegi na viatu vya shule. Wauzaji wengi wa Kariakoo na wa miji ya mikoani wameacha kungoja mteja apite mlangoni; hulipia matangazo kwa Kampuni ya Meta, yenye mitandao hiyo, kisha husubiri simu zilie. Na kila mwaka wengi wao hulalamika kwamba fedha zimekwenda, maswali yamekuja kwa mamia, na viatu vimebaki dukani. Aghalabu lawama hutupiwa mtandao. Lakini ukiyachunguza matangazo hayo utaona kwamba sehemu kubwa ya hasara hutokana na jambo moja, nalo ni imani kwamba muuzaji anamjua mnunuzi wake kuliko anavyomjua kweli.

Yafaa kwanza ieleweke jinsi matangazo hayo yanavyolipiwa. Mwenye bidhaa hufungua chombo kiitwacho Ads Manager, hutaja fedha atakazotumia kwa siku, hutaja mahali tangazo lionekane, kisha hufika kwenye kisanduku kilichoandikwa Detailed targeting. Hapo ndipo huulizwa watu wa aina gani waonyeshwe tangazo. Anaweza kuandika wapenda mpira, wapenda mitindo, wazazi wenye watoto wa umri fulani, na mamia ya makundi mengine. Kwa miaka mingi mafundi wa kazi hii walijivunia ustadi wao hapo hapo. Aliyejua kuchanganya makundi matatu au manne kwa ujanja alionekana mtaalamu, na wako waliotoza ada kubwa kwa sababu ya orodha zao za makundi walizozificha kama dawa ya mganga.

Njia inayozungumziwa hapa ni kuacha kisanduku hicho kitupu. Muuzaji hutaja nchi au mkoa, hutaja umri wa chini unaoruhusiwa, basi. Hachagui kundi lolote la wapenda hiki au kile. Badala yake nguvu yote huwekwa katika tangazo lenyewe, yaani picha, maneno, bei na sauti, na mtambo wa kompyuta huachiwa kazi ya kumtafuta aliye karibu kununua. Kwa mtu aliyezoea kupima kila senti jambo hili husikika kama uzembe. Mwenye akili timamu awezaje kulipa fedha ili kiatu cha mtoto wa darasa la kwanza kionyeshwe kwa Watanzania wote wazima, wakiwamo makapera na wastaafu?

Jibu lake ni kwamba hawataonyeshwa wote, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kutaja hadhira pana ni kueleza mipaka ya mahali ambapo mtambo unaruhusiwa kutafuta, tofauti kabisa na kuamuru kila aliyemo aonyeshwe. Kila mara mtu mmoja anapofungua simu yake, mnada hufanyika kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Matangazo yote yanayoweza kumfaa hushindanishwa. Mshindi hapatikani kwa ukubwa wa fedha pekee: zabuni ya mtangazaji huzidishwa kwa makadirio ya uwezekano wa mtu yule, saa ile, kufanya tendo ambalo mtangazaji ameliomba, kisha huongezwa kipimo cha ubora wa tangazo. Kwa hiyo kapera asiye na mtoto, ambaye mtambo umekadiria kwamba hana dalili ya kununua kiatu cha mtoto, tangazo lile hushindwa mnadani mbele yake. Linaloshinda mbele yake huenda likawa la pikipiki.

Kabla ya mnada huo iko hatua nyingine ya mchujo. Mwezi Desemba 2024 Meta ilieleza hadharani mfumo wake mpya uitwao Andromeda, ambao kazi yake ni kuchota kutoka katika mamilioni ya matangazo maelfu machache tu yanayofaa kupimwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mchujo huo hutazama tabia ya mtu na hutazama pia yaliyomo ndani ya tangazo. Maana yake ni kwamba picha na maneno sasa yana kazi mbili. Zamani yalitakiwa kumshawishi mtu ambaye kisanduku kilikwisha kumchagua. Leo yanashiriki katika kumchagua pia.

Mabadiliko haya hayakuja kwa hiari ya kampuni peke yake. Kashfa ya Cambridge Analytica iliyofichuka Machi 2018 iliulazimisha mtandao kukata baadhi ya njia za kuwagawa watu kwa taarifa zilizonunuliwa kwa wafanyabiashara wa data. Aprili 2021 Kampuni ya Apple iliweka sharti katika simu zake kwamba kila programu imwombe mwenye simu ruhusa kabla ya kumfuatilia nje ya programu hiyo. Wengi walikataa, na mwanzoni mwa 2022 viongozi wa Meta walikisia kwamba sharti hilo lingewapunguzia mapato kwa takriban dola bilioni 10 katika mwaka ule mmoja. Januari 2022 Meta yenyewe iliondoa maelfu ya makundi yaliyogusa afya, dini, siasa na asili ya watu. Simu nyingi za hapa nchini si za Apple, lakini mtambo ni mmoja kwa dunia nzima, na ulipojengwa upya ili utegemee zaidi makadirio kuliko orodha, ulijengwa upya kwa muuzaji wa Kariakoo pia.

Sasa na utazamwe mfano wa mama mwenye duka la viatu vya shule. Mfano huu umetungwa ili hesabu zionekane waziwazi, lakini mwendo wake ni ule ule unaowakuta wauzaji wengi. Jozi moja anaiuza shilingi 25,000, naye huipata kwa jumla ya shilingi 15,000. Faida yake kabla ya tangazo ni shilingi 10,000. Kwa hiyo tangazo likimgharimu zaidi ya shilingi 10,000 kwa kila jozi iliyouzwa, anafanya biashara ya kuwavisha viatu watoto wa watu kwa fedha zake mwenyewe. Ametenga shilingi 30,000 kwa siku, ambazo kwa majuma mawili ni shilingi 420,000. Tangazo lake linamtaka mtu abonyeze na kuanza mazungumzo kwenye WhatsApp, kwa kuwa hana duka la mtandaoni.

Majuma mawili ya kwanza anafuata ushauri wa zamani. Anachagua kundi la wapenda viatu, la wapenda mitindo na la wazazi. Tangazo lake ni picha ya rundo la viatu vyeusi, na maneno yanasema viatu vya shule vimefika, bei nzuri, njoo inboksi. Anapata mazungumzo 700, kila moja kwa shilingi 600. Anafurahi sana. Lakini jozi zilizouzwa ni 28. Ukigawa shilingi 420,000 kwa 28 unapata shilingi 15,000 kwa kila jozi, hivyo mama huyo amepoteza shilingi 140,000, na amechoka kujibu swali moja mara 700: bei gani?

Kosa la kwanza liko katika makundi yenyewe. Wapenda viatu katika mtandao ni akina nani? Ni watu ambao waliwahi kubonyeza, kufuata au kutazama kurasa za viatu. Wengi wao ni vijana wanaofuata raba za kisasa, na katika nchi yetu wengi pia ni wauzaji wa viatu wanaochungulia bei za wenzao. Mzazi wa mtoto anayeanza darasa la kwanza hana sababu ya kufuata ukurasa wa viatu vyeusi vya ngozi. Hununua mara moja kwa mwaka kisha husahau. Kundi la wazazi nalo linategemea zaidi dalili na maelezo ambayo watu huyaacha mtandaoni, na walimu wanajua vizuri kwamba si kila mzazi anaandika habari za wanawe kwa ajili ya Kampuni ya Kimarekani. Hivyo ukuta uliojengwa ili kumzuia asiyehusika umemfungia nje mnunuzi halisi. Isitoshe, ndani ya ukuta huo wauzaji wengi wanawagombea watu wale wale wachache, bei ya mnada inapanda, na mtu mmoja anaonyeshwa rundo lile lile mara sita mpaka analichukia.

Katika majuma mawili yanayofuata mama huyo anayafuta makundi yote, ila tangazo halibadilishi. Matokeo yake yanafundisha sana. Mazungumzo yanaongezeka hadi 840 na bei ya kila moja inashuka hadi shilingi 500. Jozi zilizouzwa ni 27. Yaani gharama ya kila jozi sasa imevuka kidogo shilingi 15,500, na hali imekuwa mbaya kuliko mwanzo ingawa kila namba iliyo kwenye skrini imependeza. Hapa ndipo wengi huachana na njia ya upana, na huenda wakiwaambia wenzao kwamba ni ya makampuni makubwa.

Ukweli wa mambo ni kwamba mtambo umetii amri. Uliambiwa utafute watu watakaoanza mazungumzo, nao umewapata watu ambao ni wepesi kuliko wote kuanza mazungumzo. Wako watu wa namna hiyo, kila mwenye duka anawajua: huuliza bei ya kila kitu tangu kiatu hadi kiwanja. Tangazo lililoficha bei liliwaalika kwa jina. Kila aliyeuliza bei na kutoweka alihesabiwa na mtambo kuwa ushindi, na mtambo ukaenda kutafuta wanaofanana naye. Malipo ya kweli, ambayo hufanyika baadaye kwa M-Pesa au mkono kwa mkono, mtambo haukuyaona kabisa. Desturi ya kuficha bei na kusema njoo inboksi, ambayo imeenea nchini kama ugonjwa, inamuudhi mnunuzi, na zaidi ya hapo inaufunza mtambo somo la uongo, na mwenye duka ndiye anayelipia ada ya somo hilo.

Majuma mawili ya tatu ndiyo yenye kazi halisi. Mama anaacha hadhira ikiwa pana, lakini anatengeneza matangazo matatu yasiyofanana. La kwanza ni video fupi ambamo mkono unakunja soli ya kiatu mara nyingi mbele ya kamera, kisha unaonyesha uzi ulioshona soli hiyo. Maneno ya mwanzo kabisa yanasema kiatu cha mtoto anayetembea kwenda shule, shilingi 25,000. La pili ni picha ya jozi mbili na bei ya mzazi mwenye watoto wawili. La tatu linaeleza namba za viatu kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, na kwamba mzigo unasafirishwa kwa basi hadi mikoani. Yote matatu yanataja bei, na yote yanamwomba mwenye kuandika aanze kwa kutaja namba ya kiatu cha mtoto.

Wasioelewa hudhani kwamba matangazo matatu ni picha tatu za kiatu kimoja zilizopigwa kutoka pembe tatu, au tangazo moja lililobadilishwa rangi ya maandishi. Mtambo huyaona hayo kuwa kitu kimoja. Tofauti inayotakiwa ni ya sababu ya kununua. Mzazi anayehofia kiatu kufumuka mwezi wa pili si yule anayehesabu gharama za watoto wawili, na hao wote si yule wa Tunduma anayetaka kujua kama mzigo utamfikia. Kila tangazo huwasimamisha watu wake, na wengine hulipita. Kupita huko nako ni taarifa. Kapera akiona maneno ya mtoto anayetembea kwenda shule atasogeza kidole mara moja, na mtambo utajifunza kutompelekea tena, bila mama kulipia kisanduku chochote cha kuwaondoa makapera.

Matokeo ya majuma hayo ni mazungumzo 300 tu, kila moja kwa shilingi 1,400. Bei ya mazungumzo imepanda karibu mara tatu. Afisa mauzo anayetazama skrini peke yake angelifunga tangazo hilo siku ya tatu. Lakini jozi zilizouzwa ni 60. Kila jozi imegharimu shilingi 7,000 za tangazo, na mama amebaki na shilingi 180,000 baada ya kulipa kila kitu. Katika majuma ya kwanza mtu mmoja kati ya 25 walioandika alinunua. Sasa ni mmoja kati ya watano.

Mtu makini atauliza kama si msimu uliouza, kwa kuwa majuma ya mwisho yalikuwa karibu zaidi na Januari. Swali hilo ni la haki. Njia safi ni kuyapima yote kwa wakati mmoja kwa kutumia chombo cha A/B test kilichomo humo humo, ambacho huwagawa watu ili asiwepo anayeona pande zote mbili. Anayelinganisha Novemba na Januari kisha akatangaza kwamba amegundua siri, amegundua kalenda.

Yako mambo mawili ambayo humshtua mgeni wa njia hii. La kwanza ni kwamba mtambo haugawi fedha kwa usawa. Kati ya matangazo matatu, moja linaweza kula sehemu kubwa ya fedha ndani ya siku mbili, na mengine yakabaki na makombo. Mwenye mali hudhani ni hitilafu, huingia na kuzima, huwasha, hupandisha fedha, huongeza kundi moja la wapenda mitindo kwa usalama. Kila badiliko kubwa la namna hiyo huurudisha mtambo katika kipindi cha kujifunza. Meta inaeleza kwamba seti moja ya matangazo huhitaji takriban matukio 50 ya aina iliyoombwa ndani ya juma moja kabla makadirio hayajatulia. Anayebadilisha kila asubuhi hukaa darasa la kwanza mwaka mzima.

La pili linatokana na hesabu hiyo hiyo ya 50, nalo ndilo mpaka halisi wa njia hii kwa mwenye mtaji mdogo. Ingelikuwa bora mama aombe manunuzi moja kwa moja badala ya mazungumzo, kwa kuwa mtambo ungejifunza kutokana na waliolipa. Lakini ili apate manunuzi 50 kwa juma kwa gharama ya shilingi 7,000 kila moja, anahitaji shilingi 350,000 kwa juma, yaani shilingi 50,000 kwa siku. Yeye ana 30,000. Tena anahitaji njia ya kuujulisha mtambo kila malipo yanapofanyika: pikseli katika tovuti, au njia iitwayo Conversions API ambayo hutuma taarifa za mauzo hata yaliyofanyika dukani. Asiye na hivyo hulazimika kuomba tendo la karibu, kama mazungumzo, na kulifanya gumu kidogo kwa asiyenunua. Kutaja bei na kudai namba ya kiatu ndiko kulikofanya hivyo. Mwenye shilingi 5,000 kwa siku na bidhaa ya watu wa mtaa mmoja, hapana shaka atafaidika zaidi kwa bango mlangoni na ujumbe kwa wateja wake wa mwaka jana.

Yafaa pia isemwe kwamba kuacha makundi si kuacha mipaka ya busara. Duka lisilosafirisha mzigo nje ya Dar es Salaam halina sababu ya kuonekana Kigoma. Umri wa chini uwekwe pale sheria inapotaka. Katika mpangilio mpya uitwao Advantage+ audience mipaka ya namna hiyo hubaki kuwa amri, ilhali makundi ya wapenda hiki na kile hupokelewa kama pendekezo tu ambalo mtambo unaweza kulivuka. Wako wanaoendelea kuyajaza kwa masaa mawili, wakiamini wamefunga mlango, kumbe wameegemeza fimbo tu.

Lakini lipo jambo zito zaidi, nalo linawahusu watumishi wa umma na walimu kuliko wauzaji wa viatu. Siku hizi halmashauri, vyuo na mashirika hulipia matangazo ya kazi, ya nafasi za masomo na ya mikopo katika mitandao hiyo hiyo. Wengi wao huacha hadhira pana kwa nia njema, wakiamini kwamba kutochagua ni kutobagua. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Northeastern nchini Marekani pamoja na wenzao ulionyesha kwamba imani hiyo si sahihi. Walilipia matangazo ya kazi mbalimbali, yote kwa hadhira pana ile ile. Tangazo la kazi za kukata na kupasua magogo lilionyeshwa kwa watu ambao asilimia 90 ni wanaume. La ukeshia katika maduka makubwa lilikwenda kwa watu ambao asilimia 85 ni wanawake. La udereva wa teksi lilikwenda kwa watu ambao asilimia 75 ni weusi. Hakuna mwanadamu aliyeamuru hivyo.

Watafiti hao walikwenda mbali zaidi. Walichukua picha na kuzififiza hata jicho la mtu halikuweza kuona chochote ila weupe, ingawa kompyuta iliweza kuzisoma. Mgawanyo uliendelea kuelemea upande ule ule, na hapo ikathibitika kwamba mtambo ulikuwa ukiisoma picha na kuamua kabla hata watazamaji hawajaonyesha hisia zao. Uwezo ule ule uliomtafutia mama wa Kariakoo wazazi wake ndio uliowanyima wanawake habari ya kazi ya msituni. Kwa kiatu jambo hilo ni akiba. Kwa ajira ni mlango uliofungwa mbele ya mtu ambaye hatajua kamwe kwamba mlango ulikuwapo.

Nchini Marekani mambo hayo yalifika mahakamani. Machi 2019 kampuni ilikubaliana na vyama vya kutetea haki kwamba matangazo ya nyumba, ajira na mikopo yasilengwe kwa umri, jinsia wala eneo la posta. Sharti hilo liliondoa visanduku lakini halikuugusa mtambo, na ndiyo sababu Juni 2022 Wizara ya Sheria ya nchi hiyo iliibana tena kampuni hadi ikakubali kujenga mfumo wa kupunguza mwelemeo katika ugawaji wenyewe, ambao ulianza kutumika kwa matangazo ya nyumba mwaka 2023. Makubaliano hayo ni ya Marekani. Halmashauri ya wilaya hapa nchini inayotangaza nafasi za mafunzo ya ufundi haiwezi kuyategemea.

Kwa hiyo ofisa anayelipia tangazo la namna hiyo hapana budi afungue ripoti na kuigawa kwa jinsia, umri na mkoa katika siku tatu za kwanza. Chombo cha kufanya hivyo kimo katika Ads Manager chini ya neno Breakdown, na hakihitaji mtaalamu. Akikuta kwamba tangazo la ufundi umeme limeonyeshwa kwa wasichana 8 katika kila watu 100, asiridhike na jumla kubwa ya walioliona. Kwanza atazame picha: ikiwa ni kijana wa kiume mwenye kofia ngumu, ameuambia mtambo jambo ambalo waraka wa ofisi yake haukusema. Abadilishe picha. Mwelemeo ukibaki, atenganishe seti mbili, moja ya wanawake na moja ya wanaume, kila moja na fungu lake la fedha, na akubali kwamba seti ya wanawake itagharimu zaidi kwa kila aliyebonyeza. Hapa kulenga kwa ufinyu, ambako kulikuwa hasara kwa muuza viatu, kunakuwa wajibu, kwa sababu fedha za umma hazikutolewa ili kumpata mtu wa bei rahisi kuliko wote.

Lipo pia suala la orodha. Wako wanaoshauri kwamba njia ya upana isaidiwe kwa kupakia katika mtandao namba za simu za wateja, wazazi au wanafunzi, ili mtambo upate mfano wa kuanzia. Kwa mwenye duka aliyepata ridhaa ya wateja wake hilo lina manufaa. Kwa shule au ofisi ya umma ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa lengo lile lile zilizokusanyiwa. Mzazi aliyeandika namba yake kwenye fomu ya kumwandikisha mtoto aliiandika ili apigiwe simu mtoto akiugua. Mwalimu mkuu anayeombwa na muuza sare ampatie daftari hilo, hata kama ameahidiwa jozi kumi za viatu kwa watoto yatima, alifungie kabatini.

Nao wenye maduka wanaojiandaa kwa msimu ujao hawahitaji daftari hilo. Wakati wa kutengeneza matangazo yao ni Oktoba, kabla bei ya mnada haijapanda kwa wingi wa washindani. Watakachohitaji ni daftari la dukani lenye safu tatu, ya siku, ya walioandika na ya waliolipa, lijazwe jioni kabla ya kufunga mlango.